Kutoka Tatu Kwenda Nne: Tofauti ya Kaunta Mbili Imejificha Wapi?

Swali hili humfikia karibu kila mwanafunzi wa elektroniki ya dijitali, na huja kwa maneno yanayofanana: linganisha kaunta sinkronasi na kaunta asinkronasi, kisha chora mchoro wa muda wa kaunta ya biti tatu inayohesabu kwenda juu. Mwanafunzi huchora jedwali la safu mbili. Upande mmoja anaandika "ya haraka, ngumu kutengeneza", upande wa pili "ya polepole, rahisi kutengeneza". Chini yake anachora mawimbi manne yaliyonyooka vizuri, anapiga mstari, anaendelea na swali jingine.

Nimesahihisha majibu ya aina hiyo mara nyingi. Jedwali huwa sahihi. Mawimbi nayo huwa sahihi. Tatizo ni kwamba havijuani. Ukiuliza mchoro ule ni wa kaunta ipi kati ya hizo mbili, hakuna jibu, kwa sababu ungefaa kwa zote. Mtahini ameomba ulinganisho na mchoro katika swali moja kwa kuwa tofauti ya kaunta hizi inaonekana ndani ya mchoro, kwa anayejua pa kutazama. Pa kutazama ni pale kaunta inapotoka 3 kwenda 4.

Taa ya kamba

Tuanze na kifaa chenyewe. Kaunta hujengwa kwa flipflopu, sakiti ndogo inayokumbuka jambo moja tu: 0 au 1, yaani volti ya chini au volti ya juu. Flipflopu ya aina ya JK ina miguu miwili ya amri, J na K, pamoja na mguu wa saa. Saa hapa si ya ukutani. Ni mfululizo wa mipigo ya umeme inayopanda na kushuka kwa mwendo sawa, na kwenye michoro huandikwa CLK.

Ukiweka 1 kwenye J na kwenye K kwa pamoja, flipflopu hufanya kama taa ya kuvuta kamba. Vuta mara moja, inawaka. Vuta tena, inazima. Kila mpigo wa saa unaigeuza. Jambo la kuzingatia ni kwamba haigeuki wakati wote mpigo unapokuwa juu, bali katika ukingo mmoja tu wa mpigo. Katika makala hii tutatumia flipflopu zinazogeuka kwenye ukingo wa kushuka, pale volti ya saa inapoanguka kutoka juu kwenda chini.

Sasa hesabu mivuto. Ili taa iwake na kuzima mara moja unahitaji mivuto miwili. Kwa hiyo tokeo la flipflopu, tunaloliita Q, hukamilisha mzunguko mmoja kwa kila mipigo miwili ya saa. Flipflopu moja inagawa kwa mbili. Hesabu yote ya kaunta imesimama juu ya jambo hilo.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. William Eccles na Frank Jordan, Waingereza wawili, waliomba hataza ya sakiti ya kwanza ya namna hii mwaka 1918, wakati ambapo transista hazijagunduliwa na sakiti zilijengwa kwa taa za ombwe. Mwaka 1932 mwanafizikia kutoka Wales, C. E. Wynn-Williams, akiwa katika maabara ya Cavendish huko Cambridge, alichapisha kaunta ya kugawa kwa mbili iliyotumia taa za gesi ziitwazo thairatroni. Alikuwa akihesabu chembe za mionzi, na kaunta za kimakanika za siku zile hazikuwahi kasi yake. Aliunganisha hatua moja baada ya nyingine: ya kwanza inapita mara moja kwa kila chembe mbili, ya pili kwa kila nne, ya tatu kwa kila nane, hadi mwendo unapungua kiasi cha kifaa cha kimakanika kuumudu. Wanafunzi wanapochora kaunta asinkronasi leo, mpango wanaouchora ni ule ule.

Karai la zege

Kaunta asinkronasi ni kaunta ya kupokezana. Aliyewahi kushuhudia zege likimwagwa kwenye ghorofa amewaona vijana waliopanga mstari kwenye ngazi, karai likitoka mkono hadi mkono. Wa tatu hawezi kulishika kabla wa pili hajamkabidhi. Hata wakiwa wepesi namna gani, karai huchukua muda kufika juu, na muda huo ni jumla ya muda wa kila mmoja.

Flipflopu tatu hupangwa hivyo hivyo. Ya kwanza, yenye tokeo Q0, hupokea mipigo ya saa kutoka nje. Ya pili, yenye tokeo Q1, haijui saa ya nje kabisa. Mguu wake wa saa umeunganishwa na Q0. Ya tatu, yenye Q2, imeunganishwa na Q1. J na K za zote zimefungwa kwenye 1. Kwa hiyo Q0 hugeuka kila saa inaposhuka, Q1 hugeuka kila Q0 inaposhuka, na Q2 hugeuka kila Q1 inaposhuka. Hakuna geti la mantiki hata moja, ni nyaya tu.

Q0 ndiyo biti ya thamani ndogo, ina thamani ya 1. Q1 ina thamani ya 2, na Q2 ina thamani ya 4. Namba ya kaunta ni jumla ya thamani za biti zilizo juu. Huu hapa mchoro wa muda, kaunta ikianzia 0:

```
CLK   _|‾|_|‾|_|‾|_|‾|_|‾|_|‾|_|‾|_|‾|_
Q0    ___|‾‾‾|___|‾‾‾|___|‾‾‾|___|‾‾‾|_
Q1    _______|‾‾‾‾‾‾‾|_______|‾‾‾‾‾‾‾|_
Q2    _______________|‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾|_
Namba  0   1   2   3   4   5   6   7  0
```

Usomaji wake ni wa kushuka wima. Simama juu ya namba 6, panda kwenye mawimbi: Q2 iko juu, Q1 iko juu, Q0 iko chini. Nne jumlisha mbili ni sita. Baada ya mpigo wa nane kushuka, zote tatu zinarudi chini na hesabu inaanza upya. Kaunta ya biti tatu ina hali nane, kutoka 0 hadi 7, kwa kuwa 2 × 2 × 2 ni 8.

Kwa anayeuchora kwenye chumba cha mtihani, njia isiyopotea ni kuanza na saa, kuchora mipigo minane, kisha kushusha mistari myembamba ya nukta kutoka kila ukingo wa kushuka. Geuza Q0 kwenye kila mstari. Baada ya hapo isahau saa. Itazame Q0 peke yake na ugeuze Q1 pale Q0 inaposhuka. Halafu itazame Q1 peke yake na ugeuze Q2. Kosa linalojitokeza sana ni kuigeuza Q1 pale Q0 inapopanda, na dalili yake iko wazi: baada ya mpigo wa kwanza namba yako inaruka kutoka 0 hadi 7, kisha 6, kisha 5. Umechora kaunta inayorudi nyuma. Hilo si kosa la mchoro peke yake. Mtu akinunua flipflopu zinazogeuka kwenye ukingo wa kupanda, akaziunganisha Q kwa saa kama tulivyofanya, sakiti yake itahesabu kwenda chini kweli. Dawa ni kuchukua tokeo kinyume la flipflopu, lile ambalo ni 0 pale Q ikiwa 1, na kulipeleka kwenye saa ya anayefuata.

Mpigo wa nne, chini ya darubini

Mchoro ule wa juu una uongo mdogo. Umechora kana kwamba Q0, Q1 na Q2 zinageuka papo hapo. Flipflopu halisi haigeuki papo hapo. Kutoka saa iliposhuka hadi tokeo lilipobadilika hupita muda mfupi, tunaouita muda wa kuchelewa. Kwa familia ya 74LS, ambayo bado imejaa kwenye maabara za vyuo vyetu, flipflopu ya JK kama 74LS76 imeandikiwa hadi nanosekunde 20. Nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Chukua kaunta iliyo kwenye 3, yaani Q2 = 0, Q1 = 1, Q0 = 1. Mpigo wa nne unashuka. Kwa nanosekunde 20 za kwanza hakuna kilichobadilika kwenye matokeo. Kaunta bado inasema 3. Kisha Q0 inashuka. Q1 ndiyo kwanza inapata habari, na itachelewa nanosekunde 20 nyingine. Katika muda huo Q2 ni 0, Q1 bado ni 1, Q0 ni 0. Hiyo ni namba 2. Halafu Q1 inashuka, na Q2 ndiyo kwanza inapata habari. Kwa nanosekunde 20 zinazofuata biti zote tatu ziko chini, na kaunta inasema 0. Ni baada ya nanosekunde 60 ndipo Q2 inapanda na 4 inaonekana.

```
CLK   ‾‾|____________________
Q0    ‾‾‾‾‾‾‾|_______________
Q1    ‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾|__________
Q2    _________________|‾‾‾‾‾
Namba     3    2    0    4
ns      0    20   40   60
```

Kaunta haikutoka 3 kwenda 4. Imepita 3, 2, 0, ndipo 4. Mchoro huu mdogo ndio ninaoutafuta ninaposahihisha, na ni wachache wanaouchora.

Kwa jicho hakuna anayeona. Unganisha taa tatu za LED kwenye kaunta hiyo, ipe saa ya mpigo mmoja kwa sekunde, utaona hesabu safi: 0, 1, 2, 3, 4. Mwanafunzi anayeishia hapo anaondoka maabara akiamini kuwa habari ya kuchelewa ni nadharia ya vitabuni. Msukumie jambo moja zaidi. Mwambie aongeze geti linalotoa 1 pale tu biti zote tatu zikiwa 0, na tokeo la geti hilo aliunganishe kwenye kaunta ya pili. Nia ni kuhesabu mizunguko: kila kaunta ya kwanza inaporudi 0, ya pili inaongeza moja.

Sasa pitia mzunguko mzima. Kutoka 1 kwenda 2, Q0 inashuka kabla Q1 haijapanda, kwa hiyo kwa nanosekunde 20 namba ni 0. Kutoka 3 kwenda 4 tumeshaona: 0 inajitokeza tena kwa nanosekunde 20. Kutoka 5 kwenda 6 inajitokeza 4, haituhusu. Kutoka 7 inapita 6, inapita 4, ndipo inafika 0 ya kweli. Katika mzunguko mmoja geti limeiona 0 mara tatu: moja ya kweli na mbili za uongo. Kama geti na kaunta ya pili ni vyepesi vya kutosha kuhisi mpigo wa nanosekunde 20, kaunta ya pili itahesabu 3 mahali pa 1. Fundi atabadilisha nyaya, atabadilisha chipu, na kosa litabaki pale pale, kwa sababu chipu ni nzima. Dalili ya kumwongoza ni hii: hesabu inazidi kwa uwiano ule ule kila mara, na kupunguza mwendo wa saa hakusaidii kitu. Mpigo wa uongo hauutegemei mwendo wa saa. Unazaliwa kila namba inapobadilika, hata kama saa inapiga mara moja kwa dakika.

Jahazi na wito mmoja

Kaunta sinkronasi inaondoa mstari wa kupokezana. Picha yake ni wavuvi wanaosukuma jahazi kuliingiza majini: mmoja anapaza wito, wote wanasukuma kwa sauti ile ile. Saa ya nje inafika kwenye flipflopu zote tatu kwa waya mmoja, na kila inayopaswa kugeuka inageuka kwa ukingo ule ule.

Hapo linazuka swali. Kama zote zinapata kila mpigo, nani anaizuia Q2 isigeuke kila wakati? Jibu liko kwenye J na K. Flipflopu yenye J na K zote 1 inageuka. Yenye J na K zote 0 inatulia kama ilivyo. Kazi ya msanifu ni kuamua, kabla ya wito, nani asukume na nani atulie.

Rudi kwenye mchoro wa kwanza ujiulize kila biti inageuka lini. Q0 inageuka kila mpigo, basi J na K zake ni 1. Q1 inageuka pale tu Q0 ilipokuwa 1 kabla ya mpigo, basi J na K zake zinachukua Q0. Q2 inageuka mara mbili tu, kutoka 3 kwenda 4 na kutoka 7 kwenda 0, na mara zote mbili Q0 na Q1 zilikuwa 1 kwa pamoja. Kwa hiyo tunahitaji geti la NA, linalotoa 1 pale tu viingilio vyake vyote viwili ni 1:

```
J0 = K0 = 1
J1 = K1 = Q0
J2 = K2 = Q0 · Q1
```

Ni sawa na kuhesabu kwa kawaida. Katika namba za kumi, tarakimu ya mamia haibadiliki mpaka makumi na mamoja yote yawe 9. Hapa Q2 haibadiliki mpaka zote zilizo chini yake ziwe 1.

Wapo wanaoliona geti lile kama pambo na kuliacha, wakaunganisha Q1 moja kwa moja kwenye J na K ya tatu. Tufuate sakiti hiyo. Kutoka 0 inakwenda 1, sawa. Kutoka 1 Q0 ni 1, kwa hiyo Q0 na Q1 zinageuka: tunafika 2, sawa. Kwenye 2 Q1 ni 1 na Q0 ni 0. Mpigo unaofuata unaigeuza Q0 kwenda 1, Q1 inatulia kwa kuwa Q0 ilikuwa 0, lakini Q2 inageuka kwa kuwa Q1 ilikuwa 1. Zote tatu ziko juu: 7. Mpigo mwingine, zote zinageuka: 0. Kaunta yako inahesabu 0, 1, 2, 7, 0, 1, 2, 7. Ukiona mfululizo huo kwenye taa zako, usihangaike na chipu. Kagua geti la NA.

Sasa utazame mpigo wa nne katika kaunta hii. Kabla ya mpigo, Q0 na Q1 ni 1, geti linatoa 1, flipflopu zote tatu zimeshapewa ruhusa. Saa inashuka. Nanosekunde 20 baadaye Q0 inashuka, Q1 inashuka, Q2 inapanda, zote kwa pamoja. Ilikuwa 3, sasa ni 4. Katika mchoro mkubwa mistari inalingana na ile ya kaunta ya kwanza, ila katika mchoro mdogo kingo tatu zimesimama kwenye mstari mmoja wima badala ya kushuka kama ngazi.

Hata hivyo tusipite kiasi. Flipflopu tatu hazilingani kabisa. Moja inaweza kuchelewa nanosekunde mbili zaidi ya mwenzake, na geti lililo jepesi sana linaweza kukamata hata upenyo huo. Ndiyo maana wasanifu makini hawachukui tokeo la geti kama lilivyo. Hulipitisha kwenye flipflopu nyingine inayosoma kwenye ukingo wa saa unaofuata, wakati kila kitu kimeshatulia.

Bei ya mwendo

Wengi huandika "sinkronasi ni ya haraka" bila hesabu. Hesabu ni fupi. Kwenye kaunta ya kupokezana, namba haiaminiki mpaka mnyororo wote umalizike: 3 × 20, nanosekunde 60. Ili namba itulie kabla ya mpigo mwingine kuingia, mipigo isikaribiane zaidi ya hapo, nayo ni kama megahezi 16.7. Ukienda biti nane muda unakuwa nanosekunde 160, megahezi 6.25. Biti kumi na sita, nanosekunde 320, kama megahezi 3.1. Kila biti unayoongeza inakula mwendo.

Kwenye kaunta sinkronasi unajumlisha mambo matatu: flipflopu kugeuka, geti kupitisha habari, na muda wa kujiandaa, yaani muda ambao J na K lazima ziwe zimetulia kabla ya ukingo kufika. Tuchukue 20, 10 na 10. Jumla ni nanosekunde 40, megahezi 25. Kwa biti tatu faida si kubwa sana, na mwanafunzi anayesema hivyo wazi anaonyesha kuwa amehesabu mwenyewe. Faida inakuja idadi ya biti inapopanda. Ukitumia geti lenye viingilio vya kutosha kwa kila biti, biti ya kumi na sita inageuka pamoja na ya kwanza, na zile nanosekunde 40 zinabaki karibu pale pale. Malipo yake ni mageti yanayoongezeka na saa inayolazimika kufika kwenye flipflopu zote kwa wakati mmoja.

Tofauti hii imo hata kwenye chipu za dukani. 74LS93 ni kaunta ya kupokezana. Ndani yake mna flipflopu moja iliyojitenga na nyingine tatu zilizoungwa mnyororo, kwa hiyo ile sehemu ya pili ndiyo kaunta yetu ya biti tatu iliyo tayari. 74LS163 ni ya biti nne na ni sinkronasi. Ukiwa na chipu hizo mbili, osiloskopu na saa ya megahezi moja, unaweza kuiona ngazi ya mpigo wa nne kwa macho yako.

Inapofaa ile ya "polepole"

Hapo ndipo jedwali la mtihani linapowapotosha wengi, kwa kuwafanya waamini kwamba kaunta ya kupokezana ni masalia. Angalia saa ya kwotzi iliyo mkononi mwako au ukutani. Fuwele yake hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa bahati: ni 2 iliyozidishwa mara 15. Pitisha mtetemo huo kwenye flipflopu 15 za kupokezana, kila moja ikigawa kwa mbili, na mwishoni unapata mpigo mmoja kwa sekunde, unaosogeza mshale.

Namba za katikati hazisomwi na mtu. Ziwe za kweli au za uongo, mshale haujali. Unasubiri tokeo la mwisho tu. Tokeo hilo linachelewa, ndiyo, lakini linachelewa kiasi kile kile kila sekunde, kwa hiyo nafasi kati ya mpigo na mpigo inabaki sekunde moja kamili. Ni kama basi linalochelewa dakika tano kila siku: kutoka leo hadi kesho bado ni saa ishirini na nne.

Kuna na betri. Katika kaunta ya kupokezana flipflopu ya kwanza tu ndiyo inayopigwa mara 32,768 kwa sekunde. Ya pili inapigwa 16,384, ya tatu 8,192, hivyo hivyo hadi ya mwisho inayopigwa mara 2. Jumla ni mipigo 65,534. Kama zote 15 zingepokea saa ya nje, jumla ingekuwa 15 × 32,768, yaani 491,520, zaidi ya mara saba. Katika sakiti za aina hii kila mpigo unakula umeme kidogo. Kwa kifaa kinachotakiwa kuishi miaka juu ya betri ndogo kama kifungo, hiyo ni sababu tosha.

Jibu linaloeleweka

Basi mbele ya karatasi ya mtihani, jibu kamili halihitaji kurasa tatu. Anza kwa kusema saa inafika wapi: katika asinkronasi inaingia flipflopu ya kwanza tu na kila inayofuata hupigwa na tokeo la aliyetangulia, katika sinkronasi inaingia zote kwa pamoja, na J na K ndizo zinazoamua nani ageuke. Chora sakiti mbili, na usilisahau geti la NA kwenye ya pili. Chora mchoro mkubwa wa mipigo minane, andika namba chini yake, na useme ni wa zote mbili ukipuuza kuchelewa.

Kisha chora mchoro mdogo wa mpigo wa nne mara mbili, kimoja kando ya kingine. Katika wa kwanza weka ngazi: 3, 2, 0, 4. Katika wa pili weka kingo tatu kwenye mstari mmoja: 3, 4. Andika muda chini ya kila hatua. Malizia kwa hesabu ya mwendo na matumizi: asinkronasi kwa kugawa masafa na kuokoa betri, sinkronasi pale ambapo sakiti nyingine inasoma biti zote kwa pamoja na kutenda kwa kuziamini.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kipimo cha kuchagulia, iwe mtihani umekwisha au la. Kabla ya kuunganisha waya wa kwanza, jiulize kama kuna anayesoma namba zote wakati zinabadilika. Kama yupo, tumia sinkronasi. Kama hayupo, kaunta ya kupokezana inatosha, na betri yako itadumu zaidi.